Kunukuu mistari ya wimbo kwenye insha: mwongozo kamili, na mistari mingapi inatosha

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaoandika insha kuhusu nyimbo ni moja tu, "naruhusiwa mistari mingapi?" na wengi wanakuja na namba tayari kichwani, huyu kaambiwa mistari minne, yule asilimia 10, mwingine sekunde 30. Jibu ni kwamba namba hiyo haipo. Nimeona watu wanaihesabia mistari yao kwa hofu huku kosa lenyewe liko kwingine kabisa kwenye ukurasa, kwaiyo tuanze hapo kwenye namba alafu twende hatua kwa hatua, na katikati nitachukua wimbo mmoja tuufanyie kazi mpaka aya ikamilike.

Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi sana duniani zimeujengea sheria zao za hakimiliki, una kifungu cha 10 kinachozungumzia kunukuu. Kinasema kunukuu kunaruhusiwa bila kumuomba mtu kama kazi yenyewe imeshatolewa hadharani kihalali, kama unavyonukuu kunaendana na desturi ya haki, na kama urefu wa nukuu hauzidi kile ambacho lengo lako linakihitaji, alafu utaje chanzo na jina la mtunzi kama limo kwenye kazi. Soma tena hapo kwenye urefu: kipimo ni lengo lako. Sheria ya Uingereza ilipoongezwa kipengele cha kunukuu mwaka 2014 ikasema kitu hichohicho, kwamba usichukue zaidi ya kinachotakiwa na lengo mahususi. Marekani wao wana kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976, hakimu anaangalia mambo manne: umetumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani na kipande gani, na je matumizi yako yanamharibia mwenye kazi soko lake. Kote huko hutakuta mahali pameandikwa mistari minne.

Sasa wimbo una ugumu wake ambao kitabu hakina. Kitabu cha kurasa 300 ukichukua aya moja umechukua tone, ila wimbo mzima unaweza kuwa na mistari 14 tu, ukichukua miwili umeshabeba sehemu moja ya saba. Na kiitikio je? Kiitikio ni kifupi, mara nyingi mistari miwili, lakini ndo roho ya wimbo, ndo watu wanachokumbuka, ndo kinachouza. Kuna kesi ya mwaka 1985 iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani, jarida la The Nation lilichukua maneno kama 300 kutoka kwenye muswada wa kumbukumbu za Rais Gerald Ford wenye maneno 200,000, na likashindwa. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba maneno yale machache yalikuwa moyo wa kitabu (nyingine ni kwamba kitabu kilikuwa hakijatoka bado, hilo lilihesabiwa sana). Kwaiyo udogo wa nukuu peke yake haukulindi, inategemea umekata wapi na umekata kwa ajili gani.

Mi kipimo ninachotumia na ninachowafundisha wenzangu ni hiki: kila mshororo ulionukuu lazima uwe na neno ambalo insha yako imelishika na kulifanyia kazi. Neno, sio hisia ya jumla. Ukinukuu mishororo minne na maelezo yako yanagusa mshororo wa pili tu, basi mitatu imebebwa bure, na hiyo mitatu ndo unazidisha, hata kama jumla ni fupi.

Hatua ya 1: andika hoja yako kabla hujagusa maneno ya wimbo

Watu wengi wanaanza kwa kubandika ubeti alafu wanatafuta cha kusema chini yake. Matokeo yake nukuu inakuwa ndefu kuliko maelezo, na maelezo yenyewe ni "maneno haya yanaonyesha huzuni ya msanii". Geuza. Funga wimbo, andika kwa sentensi moja au mbili unadai nini kuhusu huo wimbo, kwa maneno yako, pasipo kunukuu chochote. Ukishaandika utaona wazi ni sehemu gani ya dai hilo msomaji hataikubali mpaka ayaone maneno yenyewe kwa macho yake, na hapo tu ndipo panapohitaji nukuu. Sehemu nyingine zote unaweza kuzisimulia. "Kwenye ubeti wa kwanza mtu anarudi nyumbani na kukuta mlango umebadilishwa", hiyo ni habari tu, haihitaji maneno ya mtunzi, na kusimulia kwa ufupi kinachotokea kwenye wimbo hakumnyang'anyi mtu kitu. Kichwa cha wimbo nacho unaweza kukitaja mara nyingi unavyotaka.

Nimetunga mwenyewe mfano wa kutumia humu ili tusichukue mali ya mtu. Chukulia ni wimbo una beti tatu za mishororo minne minne na kiitikio cha mishororo miwili, jumla mishororo 14 ukihesabu kiitikio mara moja. Ubeti wa kwanza na kiitikio ni hivi:

Nimerudi na funguo, mlango umebadilika
Nagonga kwa jina langu, ndani kimya kimeitika
Dirisha lina pazia ambalo sikulitundika
Na mbwa niliyemlea ananibwekea nikifika

Kama si mimi, ni nani?
Kama si hapa, ni wapi?

Na tuseme dai la insha ni hili: wimbo huu haulalamiki kwamba mtu amefukuzwa, unamfanya awe mgeni kwa kuvipa vitu vya nyumba kazi ya kumjibu. Liweke akilini, tutarudi kwake.

Hatua ya 2: hakikisha maneno ndiyo

Hii hatua inarukwa na karibu kila mtu na ndiyo inayoangusha insha nzuri. Niliwahi kuandika ukurasa mzima nikichambua neno moja la wimbo, nikalichimbua mzizi wake, maana yake ya zamani, kila kitu, alafu mtu mmoja aliyekuwa anaujua ule wimbo toka utoto akaniambia hilo neno halimo. Nililitoa kwenye tovuti ya mashairi ya nyimbo. Nilikuwa nimeangalia tovuti tatu na zote zilikubaliana, nikaona inatosha, kumbe zinanakiliana, kosa la mmoja limeenda kwa wote, kwaiyo tovuti tatu zilikuwa ni shahidi mmoja tu. Ukurasa wote nikaufuta.

Mpangilio wa kuaminika uko hivi. Cha kwanza ni maandishi yaliyotoka kwa mtunzi au mchapishaji wake: kijitabu kinachokuja na albamu, kitabu cha nyimbo, ukurasa rasmi. Cha pili ni sikio lako. Tovuti zinafuata baada ya hapo, na zikusaidie kusikia tu, usizinukuu kama chanzo. Hata ukiwa na kijitabu sikiliza, maana wakati mwingine kilichochapishwa sicho kilichoimbwa, na hapo inabidi uamue unanukuu kipi na ukiseme.

Kusikiliza kwenyewe: vaa hedifoni, punguza kasi mpaka 0.75 kama programu yako inakubali, cheza mshororo mmoja, simamisha, andika, rudia, kisha uuache kabisa na urudi kesho yake usikilize bila kuangalia ulichoandika. Masikio ya siku moja yanajidanganya, ukishaamua jana kwamba ni "jina langu" utaendelea kusikia "jina langu" hata kama anaimba "jina lako". Angalia hasa viambishi vya mwanzo wa kitenzi, kwa Kiswahili hapo ndo panapopotea, "nagonga" na "wagonga" kwenye muziki wenye ngoma nzito zinafanana sana, na tofauti yake ni ya nani anagonga, yaani insha nzima inaweza kugeuka. Andika pia dakika na sekunde ya kila mshororo unaoutaka, utazihitaji kwenye hatua ya kutaja chanzo.

Usimsahihishe mwimbaji. Akiimba "hivo" andika "hivo", akitumia lahaja yake iache, akikosea upatanisho wa ngeli acha vilevile, na kama unaogopa msomaji atadhani kosa ni lako weka [kama ilivyo] kwenye mabano ya mraba, ila iwe mara moja na pale penye utata wa kweli tu, ukiiweka kila mahali inakuwa kama unamcheka mtu. Vile vilio na "eeh" na "oh" za katikati unaweza kuziacha kama huzizungumzii. Kama matoleo yapo mawili, la studio na la jukwaani, sema unanukuu lipi.

Hatua ya 3: punguza mpaka ibaki inayofanya kazi

Turudi kwenye mfano. Rasimu ya kwanza ya watu wengi ingebandika ubeti wote na kiitikio, mishororo 6 kati ya 14, karibu nusu ya wimbo, na chini yake sentensi mbili. Hiyo imezidi, na sio kwa sababu ya hesabu. Imezidi kwa sababu mtu akishaisoma hana tena haja ya kwenda kwenye wimbo, umeshampa, na wewe hujaongeza kitu.

Sasa chukua kalamu, kila mshororo pigia mstari neno ambalo dai lako linalihitaji. Mshororo wa kwanza: mlango umebadilika. Hapo hakuna kitu kinachojibu, ni tukio, tunalisimulia. Wa pili: "kimya kimeitika". Hili ndilo lenyewe, kuitika ni kazi ya mtu aliyeitwa na hapa imepewa kimya, na neno "kuitika" haliwezi kusimuliwa kwa neno jingine bila kupoteza hoja. Linabaki. Na mshororo wake wote unabaki kwa sababu kuitika kunahitaji "nagonga" iliyo mbele yake, kinachoitikwa lazima kionekane. Wa tatu: pazia. Hapa nilisita, maana neno linalovutia ni "sikulitundika", kitenzi kimoja ambacho ndani yake kuna mimi, kuna kukana, kuna pazia. Ila linahusu umiliki, mtu kuona mkono wa mwingine nyumbani kwake, na dai letu ni la vitu kujibu. Ni zuri lakini sio la insha hii. Wa nne: mbwa ananibwekea. Hili linajibu, tena linajibu kwa sauti, na linapingana na kimya cha juu yake. Linabaki.

Kiitikio? Kinauma kukiacha, ndo sehemu tamu. Lakini jiulize kinathibitisha nini kwenye dai. Kinauliza maswali na hakuna anayeyajibu, kwaiyo kina uhusiano, ila uhusiano huo unaweza kuusema kwa sentensi moja bila kunukuu: kiitikio kinauliza maswali mawili na wimbo unayaacha yaning'inie. Imetosha. Na kwa kuwa kiitikio ndo roho ya wimbo, nikiweza kukikwepa bila insha kupungua huwa nakikwepa, nikikihitaji kweli nakinukuu bila woga.

Tumebaki na mishororo miwili kati ya 14, ambayo haifuatani. Aya inaweza kuwa hivi:

Anayerudi hafukuzwi na mtu yeyote kwenye ubeti wa kwanza. Anaeleza alivyobisha hodi na alichopata: "Nagonga kwa jina langu, ndani kimya kimeitika" (00:00:31). Kuitika ni wajibu wa aliyeitwa, na mtunzi ameutoa kwa watu wa nyumba akaukabidhi kimya, kwaiyo mlango haujakaa bila jibu, umejibiwa vibaya. Mishororo miwili baadaye sauti inatokea kweli, ila inatoka kwa mbwa "niliyemlea", ambaye sasa "ananibwekea". Kimya kinaitika na mlezi anabwekewa, kila kitu cha nyumba kinatoa jibu na hakuna jibu linalomtambua.

Hesabu: mshororo mmoja mzima wa maneno 7, na maneno 2 kutoka mshororo mwingine. Maneno 9 jumla. Maelezo yangu ni zaidi ya mara tano ya hapo, na sikupanga iwe hivo, imetokea tu kwa sababu kila neno lililonukuliwa limeulizwa swali. Ukiona upande wa nukuu ni mzito kuliko upande wako, hiyo ndo dalili ya kwanza kabisa kwamba kuna mshororo umeingia kama pambo.

Angalia pia nilivyomega mshororo wa nne. Huna ulazima wa kunukuu mshororo mzima, neno moja ndani ya alama za nukuu ni nukuu halali na mara nyingi ndo nukuu kali zaidi. Tahadhari moja tu, usikate neno likageuka maana. Ningeandika kwamba anaitika "kwa jina langu" ningekuwa nimemsingizia mtunzi.

Kufumia nukuu kwenye sentensi yako

Hapa Kiswahili kina tabu yake. Wimbo unasema "nagonga", nafsi ya kwanza, na sentensi yako iko nafsi ya tatu, na kwetu nafsi imeshonwa ndani ya kitenzi, huwezi kubadilisha neno moja pembeni. Watu wanaandika: anasema kwamba "nagonga kwa jina langu", na msomaji anakwama, nani anagonga? Wengine wanabadilisha kimyakimya wanaandika "anagonga kwa jina lake" ndani ya alama za nukuu, na hiyo sio nukuu tena, umeandika maneno ambayo mtunzi hakuyaandika na ukayafungia kwa jina lake. Njia salama ni nukta mbili kama nilivyofanya hapo juu, sentensi yako inakamilika, inasimama, alafu nukuu inaanza na nafsi yake. Ukilazimika kubadilisha kiambishi weka mabano ya mraba, "[ana]gonga", ila ukifika mabano matatu kwenye nukuu moja, iache, simulia kwa maneno yako.

Na huyo "mimi" wa wimbo usimwite jina la mwimbaji. Ni nafsineni, mhusika anayesema ndani ya wimbo. Mwimbaji anaweza kuwa na funguo zake zote mfukoni.

Hatua ya 4: jinsi inavyokaa kwenye ukurasa

Mshororo mmoja unakaa ndani ya sentensi na alama za nukuu, hilo halina shida. Miwili au mitatu inayofuatana inakaa ndani ya sentensi vilevile, ila mahali mshororo unapoisha unaweka mkwaju wenye nafasi kabla na baada: "Kama si mimi, ni nani? / Kama si hapa, ni wapi?" Ukivuka kutoka ubeti mmoja kwenda mwingine mikwaju inakuwa miwili, //. Herufi kubwa ya mwanzo wa mshororo unaiacha. Mwisho wa nukuu hauweki mkwaju.

Ikizidi mitatu, kwa MLA, mmoja wa mitindo ya kunukuu na kutaja vyanzo inayotumika vyuoni, nukuu inatoka nje ya sentensi: mstari mpya, unaisogeza ndani nusu inchi, kila mshororo kwenye mstari wake, na alama za nukuu unaziondoa kwa sababu kule kusogezwa ndani kumeshasema ni nukuu. Kwa APA, mtindo mwingine wa aina hiyo, kipimo ni maneno, ikifika 40 inatoka. Ukiruka mshororo mzima katikati ya nukuu iliyosogezwa unaweka mstari wa nukta zenye nafasi katikati yake, urefu sawa na mshororo, ukiruka maneno machache tu ni nukta tatu.

Sasa hii ya "mishororo mitatu" ina mtego kwa nyimbo zetu. Mshororo kama "Nagonga kwa jina langu, ndani kimya kimeitika" una vipande viwili, na kuna wanaouandika kama mistari miwili mifupi. Ukifuata kijitabu kilichoukata hivo, ubeti wa mishororo minne unakuwa mistari minane na nukuu yako inahama kwenda nje ya sentensi. Kanuni ninayofuata mimi: kama yapo maandishi ya mtunzi, kata alipokata yeye. Kama hayapo, kata mahali kina cha mwisho kinapoangukia, hapo kwenye mfano ni -ika, na kile kituo cha katikati ni koma tu, sio mkwaju. Alafu ushike hivohivo insha nzima, usiwe ukurasa wa pili unakata kwenye vipande na ukurasa wa tano unakata kwenye vina.

Wimbo wa lugha nyingine: weka maneno ya asili kwanza kisha tafsiri, na useme kama tafsiri ni yako. Usidhani kutafsiri kunakutoa kwenye hesabu, haki ya kutafsiri ni ya mtunzi vilevile, ukitafsiri ubeti mzima umechukua ubeti mzima.

Hatua ya 5: kutaja wa kutajwa

Kwenye wimbo kuna mali mbili. Kuna maneno na muziki, ambavyo ni vya watunzi na mara nyingi vinasimamiwa na mchapishaji wa muziki, na kuna ile rekodi, ambayo kwa kawaida ni ya lebo au msanii. Wewe unayenukuu maneno kwenye karatasi unagusa mali ya kwanza, kwaiyo jina la mwandishi wa maneno ndo linalotakiwa sana, na ndilo linalosahaulika sana kwa sababu mwimbaji ndo anajulikana. Tafuta kwenye kijitabu au sehemu ya majina ya waliohusika kwenye programu ya kusikilizia. Mitindo mingi inatanguliza jina la mwimbaji kwenye orodha ya marejeleo, fuata tu, lakini kwenye sentensi yako mwandike mtunzi: "katika maneno aliyoandika fulani na kuimbwa na fulani". Inachukua nusu mstari.

Kwa APA umbo liko hivi:

Jina la Mwimbaji. (2019). Kichwa cha wimbo [Wimbo]. Kwenye Jina la albamu. Lebo.

Kwa MLA:

Jina la Mwimbaji. "Kichwa cha Wimbo." Jina la Albamu, Lebo, 2019.

Jina la albamu linalazwa kwa italiki kwa mitindo yote miwili, kichwa cha wimbo hakilazwi. Ndani ya aya unaweka muda wa mshororo kwenye mabano, kama ile (00:00:31), maana wimbo hauna ukurasa na msomaji lazima aweze kwenda kuhakiki. Kama ulinukuu kutoka kwenye kijitabu, taja kijitabu na ukurasa, usitaje rekodi ambayo hukuitumia.

Kutaja jina hakuhalalishi wingi, hili watu wanalichanganya kila siku. Kutaja kunakuondolea wizi wa kitaaluma, ila ukibandika wimbo mzima na jina la mtunzi juu yake bado umebandika wimbo mzima.

Hatua ya 6: jumlisha kabla hujaituma

Ukimaliza insha, fungua ukurasa mtupu, toa kila nukuu uliyotumia uziweke pamoja kwa mpangilio wa wimbo. Mistari miwili ukurasa wa kwanza, miwili wa tatu, miwili wa nne, miwili wa sita, ukiziangalia moja moja zote ni ndogo, ukizipanga unakuta umejenga upya beti mbili kamili. Mtu akiweza kuuimba wimbo wako kutoka kwenye ule ukurasa, rudi hatua ya 3. Kiitikio ulichonukuu mara tatu kihesabu mara moja kwa urefu, ila jiulize zile mara mbili za ziada zilikuwa za nini.

Ukiwa hapohapo soma kila aya ukiruka nukuu yake. Aya ikieleweka vizuri bila nukuu, ile nukuu ilikuwa pambo, itoe. Aya ikianguka, nukuu inafanya kazi.

Lini uombe ruhusa

Insha ya darasani inayosomwa na mwalimu, yenye mishororo michache inayochambuliwa, haihitaji kuandikia mtu barua. Insha ya uchambuzi inayotoka hadharani, mishororo miwili mitatu iliyofanyiwa kazi kama tulivyofanya, iko ndani kabisa ya kile ambacho Berne inakizungumzia, japo sheria ya nchi unakochapisha ndo yenye neno la mwisho. Panapobadilika ni sehemu mbili.

Ya kwanza ni nukuu ya kufungulia, ile mistari miwili inayokaa juu kabisa kabla insha haijaanza. Haichambuliwi, iko pale kwa uzuri wake, na kwa kipimo tulichotumia toka mwanzo haina hata neno moja lililoshikwa, kwaiyo ile hoja ya lengo inakuwa dhaifu sana. Mi huwa nashauri kama unaipenda kiasi hicho, ishushe ndani ya aya na useme kitu kuihusu. Ya pili ni kitabu cha kuuzwa. Wachapishaji wengi wa vitabu wanadai ruhusa ya maandishi kwa mstari wowote wa wimbo wenye hakimiliki, hata mmoja, na mikataba mingi inamwachia mwandishi kazi na gharama ya kuitafuta. Anayeombwa ni mchapishaji wa muziki anayesimamia maneno, sio mwimbaji na sio lebo. Barua iwe na mishororo yenyewe kama utakavyoichapisha, kichwa cha wimbo, majina ya watunzi, aya inakokaa nukuu, nakala ngapi, lugha gani, nchi zipi, karatasi au dijitali au vyote. Anza miezi kadhaa kabla. Wasipojibu, kutojibu sio ruhusa, unarudi kwenye hatua ya 3 au unasimulia.

Wimbo ambao hakimiliki yake imeisha unanukuu unavyotaka. Kiwango cha chini cha Berne ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, nchi nyingi zimeweka 70, na watunzi wakiwa wengi wa kazi moja miaka inahesabiwa kuanzia kifo cha aliyekufa mwisho. Wimbo wa jadi usiojulikana mtunzi nao unaweza kuwa huru wakati mpangilio mpya, tafsiri au beti zilizoongezwa juzi zina mwenyewe, kwaiyo hapo angalia maneno uliyoyachukua yametoka kwenye toleo la nani, na umtaje aliyeyakusanya.

Ile karatasi ya hatua ya 6 usiitupe. Insha ikitoka darasani ikaenda jaridani, au jaridani ikaenda kwenye kitabu, utaulizwa tena mishororo ipi, ya nani, dakika ya ngapi, na ukiwa nayo unajibu siku hiyohiyo badala ya kuanza kusikiliza upya.